Siku Ukoo Ulipomripoti Mama Pindo

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hawakusema itavuma kwa muda gani kabla ya kupasuka, wala jirani wa ngoma afanye nini wakati anasubiri. Mama Pindo alikuwa anasubiri. Simu yake alikuwa ameifunika kwa vitambaa vya bitana, juu ya vitambaa akaweka pasi, na bado ilikuwa inatetemeka mezani kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Jina la Mama Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolipiga yeye halifumuki hata mwenye sketi akimbizwe na mbwa. Fundi cherehani huyu alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, benchi la wateja, na kwenye kona pazia la kujaribia nguo. Alikuwa pia na ukurasa mtandaoni, ambako aliweka video za kazi zake. Watu walizipenda, maana alishona bila maneno mengi. Wateja wake wengi wapya walipitia huko, na bila ukurasa ule benchi lingekuwa la kukalia paka.

Mkosi ulianza jana yake mchana. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake. Lilikuwa limepimwa mwezi uliopita, likakatwa, likashonwa, na lilipaswa kumkaa kama ganda la yai. Halikupanda. Bibi harusi akavuta, fundi akavuta, zipu ikafika nusu ya mgongo ikauma kitambaa, ikagoma kwenda mbele, ikagoma kurudi nyuma. Msichana wa watu akaanza kulia, na kadiri alivyolia ndivyo alivyovimba ndani ya gauni, mpaka midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Fundi, nakufa humu ndani."

Mama Pindo akashika mkasi mkubwa. Akaona ncha ya mkasi ilivyo karibu na ubavu, akapiga kelele kama mtu anayemwona mtoto karibu na kisima: "Nyamaza! Usilie! Usipumue!" Halafu akakata, zaaa, kutoka kwapani mpaka kiunoni.

Ndivyo alivyomtoa. Hariri ikaanguka sakafuni, bibi harusi akapata hewa, na kabla hajavaa nguo zake akamshika fundi mkono, akamwambia kwa sauti ya chini maneno ambayo fundi alikuwa ameshayakisia tangu zipu ilipogoma. Hakuwa amenenepa. Alikuwa na mimba. Mchumba anajua. Mama yake hajui, na mama yake akijua kabla ya harusi, basi harusi itageuka kesi.

"Siri ya mwili wa mteja haipiti mlango huu," Mama Pindo alimwambia. "Tepu yangu ya kupimia inajua mambo ya mtaa mzima na haijawahi kuitwa kutoa ushahidi."

Alichosahau ni kwamba kwenye benchi alikuwepo dada mmoja aliyeleta sketi ibadilishwe zipu. Pazia lile halikufika ukutani vizuri. Dada wa zipu alipitisha simu yake kwenye uwazi, akarekodi kuanzia pale "Nyamaza!" mpaka mkasi ulipofika kiunoni. Mengine hakuyasikia, maana yalisemwa kwa kunong'ona. Kipande kile kifupi akakiweka mtandaoni na maneno: FUNDI ANA WIVU, AMKATIA BIBI HARUSI GAUNI AKIWA AMELIVAA. Uso wa bibi harusi haukuonekana, ulionekana mgongo tu. Uso wa Mama Pindo ulionekana wote, mpaka kidoti cha shavuni.

Sasa ilikuwa siku ya pili, na dunia nzima ilikuwa na maoni.

Wifi yake aliingia bila kubisha hodi. Huyu alikuwa dada wa mumewe, na kazi yake ilikuwa kusimamia ukurasa wa duka la samani. Kutwa watu walimtukana kwa sababu ya viti ambavyo hakuvichonga, kwa hiyo ngozi yake ilikuwa imekomaa. Akamkuta Mama Pindo ametoa simu chini ya pasi na miwani imeshuka mpaka ncha ya pua.

"Wifi, unafanya nini?"

"Najibu."

"Unamjibu nani?"

"Wote."

"Wote ni wangapi?"

"Nilipoanza walikuwa wachache."

Wifi akaipokea simu, akavuta kiti. Kweli Mama Pindo alikuwa amejibu. Asubuhi alianza kwa adabu. Mmoja aliyejiita Chui wa Kimya aliandika kwamba mwanamke huyu akamatwe, naye akamjibu: "Ndugu Chui, asante kwa ushauri wako, karibu dukani nikueleze." Mwingine aliuliza vipi mtu anamwambia mwenzake asipumue, huu si uuaji? Akamjibu kwamba ni kwa sababu ya ncha ya mkasi. Huyo akajibiwa na wengine thelathini kwamba fundi mwenyewe amekiri kumshikia mtu mkasi. Kulikuwa na mwanamume aliyedai kwamba alishaona tangu zamani, macho ya fundi yule si ya kawaida. Hakuwahi kufika dukani, lakini macho alishayaona.

Halafu saa sita ilipopita, adabu ilikwisha. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba mishono yake ni kama kuku aliyeparura. Chini yake Mama Pindo, ambaye kwa miaka yote hajawahi kugombana hata na mteja anayeleta kitambaa pungufu, aliandika: "Mjinga wewe pamoja na waliokuzaa, uso kama pasi iliyopoa."

Wifi akasoma hilo mara mbili.

"Hili umeandika wewe?"

"Aliugusa mshono wangu."

"Wamekuita mchawi, wamekuita muuaji, ukawaambia asante. Wamegusa mshono, ukamtukana na waliomzaa."

"Uchawi hawana ushahidi nao. Mshono unaonekana."

Wifi akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sikiliza, Mama Pindo. Kila ukijibu, ile mashine inaona watu wanazungumza, inaipeleka video kwa wengine zaidi. Wewe unadhani unamwaga maji. Unamwaga mafuta ya taa. Kuanzia sasa hujibu mtu. Hata anayekusifu."

"Nikinyamaza watasema nimekubali."

"Ukisema watasema umekiri. Bora wakuseme ukiwa unashona."

Kisha akaanza kazi, na Mama Pindo akamtazama jinsi anavyotazama fundi mwenzake. Kwanza alizuia maoni mapya kwenye ukurasa wote, yaliyokwishaandikwa yakabaki, posti mpya na za zamani, hata ile ya mapazia ya mwaka jana ambako watu walikuwa wamehamia kumlaani. Akafunga ujumbe wa watu wasiofahamika, ukawa unaingia kwenye chumba cha pembeni bila kupiga kengele. Akaandika maneno ya kuzuiwa, ili siku maoni yakifunguliwa, kila komenti yenye maneno hayo ijifiche yenyewe: mchawi, muuaji, usipumue.

"Weka na kuku," Mama Pindo akasema.

"Kuku hawezi kuzuiwa. Kesho utashonea mtu aproni yenye picha ya kuku."

"Weka."

Wifi akaweka kuku.

Simu ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kikubwa hata Mama Pindo akasikia saa ya ukutani, akagundua kwamba inachelewa.

"Kwa hiyo wameacha?"

"Hawajaacha. Wanaendelea kwenye ukurasa wa yule dada, kule hatuna mamlaka. Hapa tumefunga mlango wa kwako tu. Sasa tunaripoti."

Mama Pindo alidhani kuripoti ni kubonyeza kitufe na kulalamika kwa ujumla, kama mtu anavyolalamikia mvua. Wifi akamwonyesha kwamba kila uovu una dirisha lake la kuripotia. Kabla ya dirisha lolote alipiga picha ya skrini, jina la mtu na tarehe vionekane. "Wakishaifuta, nasi hatuna cha kuonyesha. Tukienda kituo cha polisi tutawapelekea hasira zetu?"

Mtu mmoja alikuwa ameandika: "Leo jioni naichoma hiyo cherehani, naye akiwa amekaa." Hilo likapigwa picha, likaenda dirisha la vitisho vya kudhuru, na picha ikatumwa vilevile kwa askari wa kituo cha karibu, ambaye alijibu kwamba atapita. Mwingine alikuwa ameweka picha ya mlango wa duka pamoja na namba ya simu, akiwahimiza watu wafike. Hilo likaenda dirisha la taarifa binafsi. Mwingine alikuwa amefungua ukurasa kwa jina na picha ya Mama Pindo, akijibu wateja kwa matusi. Hilo likaenda kwa wanaojifanya mtu mwingine, na Mama Pindo akatakiwa kupiga picha kitambulisho chake kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye.

"Na huyu wa kuku?"

"Huyo hatumripoti."

"Kwa nini?"

"Amesema unashona vibaya. Hayo ni maoni."

"Yule wa kunichoma moto ni kitisho, huyu wa kuku ni maoni?"

"Ndiyo."

"Basi maoni yanauma kuliko moto."

Mwisho wifi aliripoti video yenyewe, kwamba inapotosha. Majibu ya wenye mtandao yakaanza kurudi jioni. Kitisho kimeondolewa. Picha ya mlango na namba vimeondolewa. Ukurasa wa kujifanya unachunguzwa. Kuhusu video: tumeitazama, haijavunja kanuni zetu.

"Haijavunja?" Mama Pindo alishika kiuno. "Wameona nina wivu, wakaona ni kweli?"

"Hawajasema ni kweli. Wamesema ni mtu anakata gauni. Na kweli ulikata."

Hapo ndipo Mama Pindo alipotoa neno ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi. Kila alipofanya kazi kubwa, aliweka simu yake ya zamani kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa ndani wa pazia, irekodi mikono yake kwa ajili ya ukurasa. Jana pia aliiweka. Ilikuwa imerekodi yote: zipu ilivyogoma, midomo ilivyobadilika rangi, mkasi, hewa, asante, na baada ya asante, sauti ya bibi harusi ikinong'ona.

Wifi aliitazama mwanzo hadi mwisho. Akaweka simu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Hii ukiiweka, kesho wanakuomba radhi."

"Najua."

"Naweza kukata pale mwisho, mnong'ono usisikike."

"Wifi, gauni lilipimwa mwezi uliopita kwa ajili ya harusi. Leo halipandi. Wanawake waliojaa humo mtandaoni wataanza kuhesabu kwa vidole kabla video haijafika katikati."

Wifi akakunja vidole vyake, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshahesabu.

"Futa," akasema Mama Pindo.

"Nisifute. Iweke tu mahali. Huwezi kujua."

"Ikiwepo, nitaiweka. Mimi najijua. Kesho mtu akisema tena neno la kuku, nitaiweka. Futa."

Wifi akafuta, akaenda na kwenye pipa la vilivyofutwa akafuta huko pia, kwa sababu alimjua wifi yake.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Pindo alikuwa na ukoo, na ukoo ulikuwa na kundi la simu, na kundi lilikuwa na Shangazi. Shangazi alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kuona moto akakosa kuupepea. Asubuhi iliyofuata alipiga simu, sauti imejaa ushindi.

"Mwanangu, lala usingizi! Tumeingia vitani! Ukoo mzima umeripoti!"

"Mmeripoti nini, Shangazi?"

"Ukurasa! Niliutuma kundini nikawaambia, kila mwenye kidole abonyeze. Hata binamu zako wa mbali. Hata babu amebonyezewa."

"Ukurasa wa nani?"

"Wako, mwanangu. Wa nani tena? Ndio ninaoujua mimi. Ule wa yule dada ningeupata wapi?"

Mama Pindo akamtazama wifi. Wifi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Shangazi," wifi akadakia kwenye simu, "mlichagua sababu gani?"

"Mimi nilichagua kujifanya mtu mwingine. Maana huyo wanayemsema siye mtoto wetu tunayemjua."

"Na wengine?"

"Kila mtu na akili yake. Binamu alichagua vurugu. Babu sijui amechaguliwa nini. Ila mjomba wako amefanya kazi kubwa kuliko wote! Yeye amepita kwenye komenti moja moja kwa miwani yake. Kila penye tusi anaripoti. Amekuta moja chafu sana, mtu anatukana mpaka wazazi wa mwenzake, anamwambia ana uso kama pasi. Ameliripoti lile mpaka ripoti imekubaliwa!"

Kwa muda mfupi hakuna aliyepumua, ingawa safari hii hakuna aliyeamrishwa.

Ilani ilikuwa imeshafika. Ripoti za Shangazi na jeshi lake dhidi ya ukurasa zilikuwa zimetupwa zote, kwa maana wingi wa vidole haugeuzi uongo kuwa kosa. Wanaopima wanatazama kilichoandikwa, hawahesabu waliokasirika. Lakini ripoti ya mjomba ilikuwa na haki kamili. Dirisha lake lilikuwa sahihi, tusi lilikuwa tusi. Katika vita vyote vile vya ukoo, hiyo ndiyo risasi pekee iliyolenga, nayo ilimpata Mama Pindo. Komenti ya pasi imeondolewa, na mwenye ukurasa haruhusiwi kuchapisha wala kutoa maoni kwa muda wa wiki moja.

"Naweza kukata rufaa?" Mama Pindo akauliza. "Kuna kitufe hapa."

"Kipo. Tutawaambia nini? Kwamba tumechunguza, na uso wake kweli unafanana na pasi?"

Mama Pindo akakaa kwenye benchi la wateja. Alijaribu kukasirika, hasira ikakosa pa kushika. Watu wasiomjua walimpiga mawe kutwa nzima na hawakuweza kumfunga mdomo. Waliompenda wamemfunga kwa bidii, kwa umoja, na mjomba kwa miwani.

Lakini tazama maajabu. Siku ile hakujibu mtu, kwa sababu hakuweza. Kesho yake vilevile. Chui wa Kimya alimwita mara tatu kwenye ukurasa wa dada wa zipu, akamwambia ajitokeze kama ni mwanamke kweli, na hakujitokeza, na Chui akaanza kugombana na mtu mwingine kuhusu bei za kumbi za harusi. Wifi alifuatilia kutoka simu yake mwenyewe, akaleta habari kama mganga anayepima homa: inashuka. Mama Pindo kidole kilimwasha. Asingefungwa angejibu, na wote wawili walilijua hilo. Yule mjomba hakuwahi kuambiwa alichofanya. Alitumiwa shukrani tu, akazipokea kama haki yake.

Siku ya tatu ya kufungiwa, kabla wateja hawajaanza kuingia, bibi harusi alikuja. Alikuwa amejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Fundi, nisamehe. Nimesoma yote wanayosema. Nilikuwa nataka kuandika ukweli, vidole vikaganda."

"Nani amekuomba uandike?"

"Wanakuita mchawi kwa ajili yangu."

"Wataniita jina jingine wiki ijayo. Wewe ukishaitwa, jina halitoki. Kaa."

Wifi, aliyekuwa anakunywa chai kwenye kona, akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Dada, wewe umeshairipoti ile video?"

"Mimi? Nikiripoti si watajua ni mimi?"

"Ripoti haiwekwi hadharani. Aliyeripotiwa haambiwi nani kampeleka. Wewe ulidhani ni kama kusimama sokoni?"

"Nilidhani hivyo."

Wifi akajipiga paji la uso. "Na mimi mwenyewe ni mjinga. Nimeripoti kwamba video inapotosha, kana kwamba waamuzi walikuwepo. Nimesahau mgongo! Huyu amerekodiwa nyuma ya pazia, chumba cha kubadilishia nguo, mgongo wazi, bila ridhaa. Hilo lina dirisha lake, la faragha, na wanauliza: mwenye kuonekana ni wewe? Mimi nikilalamikia mgongo wako wataniambia, mama, mgongo unakuhusu nini? Mwenye mgongo ndiye anayesikilizwa."

Bibi harusi akatoa simu. Wifi akamshikia kiwiko lakini hakubonyeza kwa niaba yake. Faragha. Ni mimi ninayeonekana. Sikutoa ruhusa. Palikuwa na nafasi ya maelezo, akataka kueleza mambo ya zipu, na ya mimba, na kwamba fundi ni mtu mwema.

"Usiwape hadithi," wifi akasema. "Wape mahali na kosa. Chumba cha kujaribia nguo, nusu uchi, sikukubali. Basi."

Akatuma. Hakuna radi iliyopiga. Gari la maji lilipita barabarani likipiga honi, na Mama Pindo akasema akina dada wote wawili watoke benchini, anataka kutandaza bitana.

Kesho yake video iliondolewa. Nakala zilibaki huku na kule, kwa maana video ni kama nyuzi za fundi: unaokota sakafuni, unakuta mwingine umeng'ang'ania soksi. Bibi harusi akawa anaziripoti kila wifi alipomtumia moja, dirisha lilelile, maneno yaleyale. Dada wa zipu alilalamika kwa wafuasi wake kwamba ameonewa na watu wenye nguvu. Halafu mtu fulani mahali fulani akarekodiwa akimnyang'anya kipofu mwavuli, au labda alikuwa anamfungulia, na Chui wa Kimya akahamia huko na makucha yake yote.

Sketi yake dada wa zipu hakuja kuichukua. Mama Pindo aliishona zipu vizuri, akaitundika ukutani ili imsubiri mwenyewe.

Palibaki jambo moja, nalo liliingia dukani kwa kishindo mwisho wa wiki, likiwa limevaa viatu vya visigino. Mama wa bibi harusi alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu mkuu wa shule, aliyezoea watu wasimame anapoingia. Mama Pindo akasimama. Bibi harusi alikuwa nyuma yake, uso umepauka.

"Wewe fundi. Hariri ile niliichagua mimi kwa mikono hii. Mgongo ule nimeuogesha mimi. Unadhani kwa kuwa hakuna uso sitajua? Nimenyamaza siku zote hizi nikitegemea mtu atakuja kuniambia. Hakuna. Sasa nakuuliza mwenyewe: kwa nini ulikata gauni la mwanangu?"

Bibi harusi akafungua mdomo. Mama Pindo akawahi.

"Nilikosea kipimo, mwalimu."

Wifi alipaliwa na chai. Katika mtaa ule fundi angekubali kwanza kuitwa mchawi, akubali na wivu, kabla hajatamka maneno hayo mawili. Mama Pindo aliyatamka kama anayetema pini.

"Ulikosea."

"Nilikosea. Likambana, zipu ikauma, nikamwokoa kwa mkasi."

"Basi ukaseme hivyo hadharani! Jina la gauni letu limechafuka. Andika kwenye huo ukurasa wako, watu wote wasome: nilikosea kipimo. Andika sasa hivi, nikiona."

Mama Pindo alichukua simu kweli, akavaa miwani, akafungua ukurasa. Angeandika. Wifi alimwona anavyokunja midomo, akajua angeandika, na angemaliza kazi ya miaka yote kwa mstari mmoja. Mama Pindo akabonyeza. Ukurasa ukamkatalia.

"Siruhusiwi, mwalimu," akasema kwa unyonge. "Nimefungiwa mpaka kesho kutwa."

"Umefungiwa na nani?"

"Na mjomba wangu."

Mwalimu mkuu alimtazama, akamtazama wifi aliyekuwa ameinamia kikombe mabega yakitikisika, akamtazama binti yake aliyekuwa anakaribia kulia. Akashusha pumzi ndefu, ile ya walimu wanapokuta darasa zima lina kosa na hakuna wa kuanza naye.

"Mvalisheni," akasema. "Nilione."

Wakaingia nyuma ya pazia, ambalo sasa lilikuwa limepigiliwa misumari mpaka ukutani. Mama Pindo alikuwa ameunga kipande cha hariri kila ubavu, kuanzia kwapani mpaka chini, na kuvificha viungo kwa ushanga, hata mtu angedhani gauni lilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Zipu ikapanda bila ubishi. Mwalimu mkuu alizunguka mara moja. Alipofika ubavuni akapitisha kidole juu ya ushanga, polepole, akafuata mshono ulipoanza na ulipoishia. Akamtazama binti yake usoni, na binti yake akatazama sakafu.

Mama Pindo alijaza pini mdomoni, akapiga magoti kwenye pindo, ambako hapakuwa na kasoro yoyote, akaanza kulirekebisha.

"Fundi."

"Mmh."

"Umesema ulikosea kipimo."

"Mmh."

Mwalimu mkuu akaondoa uzi mmoja mweupe kwenye bega la mwanawe, akaushikilia, akawa anauzungusha kwenye kidole. Aliposema, sauti yake haikuwa tena ya barazani shuleni.

"Harusi bado wiki mbili. Kosea tena kidogo."

Bibi harusi akamkumbatia mama yake shingoni, gauni na ushanga na vyote. Mama Pindo alitaka kupiga kelele kwamba wataiponda hariri, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini.